Saa ya kartoni: mshale mfupi kwanza

Sisi wazazi wa Pinga tunahesabu saa kufuata jua. Likitoka, iko saa kumi na mbili. Mshale mfupi ukifika kwa 7, tunasema saa moja. Lakini karatasi ya masomo ao ya kituo cha afya inaandikwa kwa hesabu ya Kifaransa. Mtoto akisoma "8h" anamwambia mama yake saa nane, na saa nane yetu iko 14h. Dawa ya asubuhi inanywewa mchana.

Kuna wazazi wanasema: tuache saa ya Kiswahili, tufundishe ya Kifaransa tu. Sisi hatukubali. Mtoto anasikia "saa moja" kila siku nyumbani. Afundishwe zote mbili, juu ya saa moja ya kartoni.

Kartoni ya sabuni inatosha. Chora duara kwa kifuniko cha sufuria. Andika 12 juu, 6 chini, 3 na 9 pembeni, ndipo ujaze zingine. Ukianza 1, 2, 3 kwa mfululizo, nafasi itakuishia mbele ya 12. Hizo ni za biki ya bleu. Ndani yake, kwa biki nyekundu, andika zetu: chini ya 7 andika 1, chini ya 8 andika 2. Nyekundu ni ile namba ya bleu inayotazamana nayo ng'ambo ya duara.

Juma la kwanza weka mshale mfupi peke yake. Mtoto achague kadi, asogeze mshale: kuamka kwa 6, kwenda masomo kwa 7, kulala kwa 8. Kadi za usiku zichorwe mwezi, sababu 8 ya asubuhi na ya usiku ziko pahali pamoja. Kadi iwe ya kitu kinachofanyika saa ile ile kila siku. Baba kreseri anayetoka shimoni leo mchana, kesho usiku, kadi yake tuiache. Itamchanganya mtoto tu.

Kisha mshale murefu. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwa saa moja na nusu, mtoto anapeleka murefu kwa 6 lakini mfupi anauacha juu ya 7, sababu mishale ya kartoni haivutani kama ya saa ya kweli. Funika murefu kwa kidole, uulize: "Saa moja imepita, ao bado?" Akiona mfupi uko katikati ya 7 na 8, atajibu mwenyewe. Robo ifuate. Dakika zingojee mpaka ajue kuhesabu kwa tano tano hadi 60.

Mwisho andika "8h" kwa karatasi, mpe aiweke kwenye kartoni. Mfupi ukienda kwa 2 ya bleu, amefuata "saa nane" ya nyumbani: rudi kwa kadi, mshale murefu ubaki pembeni siku chache.