Saa Nane Siyo Kila Baada ya Saa Nane: Tuache Kuwatafsiria Wazee Dawa Ovyo



Leo naomba mnivumilie, nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nimechoka kusikia kwamba wazee wetu "hawafuati masharti ya dawa". Mara nyingi wanafuata, tena sana. Wanafuata kile tulichowaandikia. Shida iko kwenye mwandiko wetu.

Mama mkwe wangu anaishi Ukerewe. Kliniki ya presha anahudhuria huku Mwanza, kwa hiyo anapanda meli Nansio, analala kwangu Buswelu, kesho yake anaenda. Safari moja alikuja akiwa na kifua, akapewa amoksilini za miligramu 500. Kwenye pakiti maelezo yalikuwa ya Kiingereza: kapsuli moja kila baada ya saa nane, kwa siku tano. Mimi mkwe msomi wa sekondari nikachukua kalamu nikamwandikia Kiswahili: "Kapsuli 1 kila saa 8." Nikaona nimemaliza kazi.

Siku ya tano jioni nikamwomba nione pakiti. Zilitakiwa ziwe zimekwisha, maana tatu kwa siku mara siku tano ni 15. Nikakuta zimebaki tano. Nikataka kumsema. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, sijaruka hata moja. Saa nane mchana nameza. Saa nane usiku naamka nameza."

Hebu rudini kwenye maneno yangu. "Kila saa 8." Kwa Kiswahili chetu, saa ni ile ya kuhesabu muda na ni ileile ya kwenye ukuta. Saa nane kwa siku inakuja mara mbili, mchana na usiku. Mama amesoma sawasawa. Alikatisha usingizi siku tano, mzee wa watu, ili atimize kosa langu. Akameza 10 badala ya 15, na kati ya kapsuli na kapsuli zikapita saa 12, wakati dawa ile ilitakiwa kuongezwa mwilini mapema zaidi ili wadudu wasipate nafasi ya kuinuka tena. Ilibidi nirudi kwa mfamasia kuuliza tufanyeje na zile zilizobaki, maana hilo siyo la mkwe kuamua.

Nilitakiwa kuandika nini? Saa za kumeza zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukihesabu, kati ya moja na nyingine ni saa nane kamili, na mama hana haja ya kupiga hesabu yoyote. Hata ule msemo wetu wa "kutwa mara tatu", ambao wazee wanaujua, hautoshi peke yake. Kutwa kwa mzee ni tangu kukicha mpaka jua kuzama. Atameza asubuhi, adhuhuri na saa kumi jioni, halafu usiku mzima hana dawa. Taja saa.

Sasa njooni kwenye meseji ya kliniki. Safari nyingine simu yake ilimkumbusha afike siku fulani, "08:00". Basi. Mama akasoma nane, akajua ni saa nane. Akanywa chai taratibu, akapanda daladala, akafika saa saba na nusu mchana, akijiona amewahi. Kliniki ya presha ilishafungwa. Ile 08:00 ni saa mbili asubuhi! Aliambiwa arudi wiki ijayo, na vidonge vyake vya presha vilikuwa vimebaki viwili. Nauli ya meli imekwenda, na presha haijui kusubiri wiki ijayo.

Watu wananiambia, "Si angeuliza?" Aulize nini? Anayeona jambo lina utata ndiye anayeuliza. Yeye alisoma namba inayoeleweka kabisa kwa saa aliyoitumia tangu azaliwe. Wengine wanasema wahudumu wana foleni ndefu, hawana muda. Foleni naijua, nimekaa kwenye mabenchi hayo. Lakini kuandika "saa 2 asubuhi" kunachukua muda gani zaidi ya "08:00"? Mimi fundi nikiandika 40 bila kusema ni nchi au ni sentimita, kitambaa cha mteja kimeharibika, na sitamlaumu mteja kwa kutokuuliza.

Kuna na hizi alama zenye mkwaju. Ukiona kwenye pakiti "5/7", hiyo ni lugha ya wahudumu, maana yake siku tano, yaani tano kati ya saba za wiki. "2/52" ni wiki mbili. "1/12" ni mwezi mmoja. Wao wanaelewana. Sasa mpe mzee kadi iliyoandikwa arudi "1/12". Atasoma tarehe moja mwezi wa kumi na mbili, na wewe mwanawe utasoma hivyohivyo. Kama leo ni Oktoba, dawa za mwezi mmoja zitaisha Novemba na yeye anangoja Disemba. Na "1x3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Siyo vitatu kwa mpigo, wala siyo kimoja kwa siku tatu. Usikisie. Kama hujui alama, rudi dirishani uulize kabla hujaondoka.

Siku hizi pakiti ya mama naiandika hivi, herufi kubwa, kalamu nyeusi:

"DAWA YA KIFUA. Kapsuli MOJA (1) saa 12 asubuhi. Kapsuli MOJA (1) saa 8 mchana. Kapsuli MOJA (1) saa 4 usiku. Siku TANO (5). Zote ni 15. Ya kwanza leo Jumatatu saa 8 mchana, ya mwisho Jumamosi saa 12 asubuhi."

Na kliniki: "Jumatano, tarehe 3 mwezi wa Disemba, saa 2 (MBILI) ASUBUHI. Utoke nyumbani saa 12 na nusu asubuhi." Akitakiwa kupima damu kabla ya kula, siandiki "usile usiku wa Jumatano", maana wapo wazee ambao usiku kwao unatangulia mchana, na wapo wanaohesabu kinyume. Naandika "usiku wa kuamkia Jumatano", kisha saa ya kuacha kula niliyoambiwa na kliniki. Sibadilishi kipimo wala sijiongezei sharti. Natafsiri tu.

Halafu simuulizi, "Mama, umeelewa?" Kwa heshima ataitikia ndiyo hata kama hajaelewa. Namwambia, "Mama, nionyeshe utakavyomeza kesho." Ananyoosha kidole, anataja saa. Hapo ndipo najua.

Kina dada, tunaimba kwaya, tunafunga na kuwaombea wazazi wapone. Vema. Lakini amri ya kuwaheshimu wazazi haiishii kwenye maombi na kitenge cha Krismasi. Ukishika kalamu juu ya pakiti ya mama yako, umeshika mwili wake. Nenda leo kaisome ile uliyomwandikia. Ukikuta "kila saa 8", ifute, kaa naye chini, uandike upya. Kisha hesabu vidonge vilivyobaki.