Mtoto Hakui, Tumbo Haliumi

Mtoto mfupi hamshangazi mtu katika nchi zetu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, walikuwa 18. Ndiyo maana mama akileta mtoto wa darasa la nne anayepitwa kimo na wa darasa la pili, jibu liko tayari: lishe, minyoo, au "kwenu nyote wafupi". Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Toleo hili linawahusu watoto ambao kwao si sahihi, wenye ugonjwa wa utumbo usiojulisha kwa kuhara wala kwa maumivu. Hoja yangu ni kwamba watoto hao wanaweza kujulikana mapema tukiangalia kasi yao ya kurefuka, badala ya kutazama kimo cha siku moja na kungoja tumbo liseme.

Udumavu tuliouzoea huanza mapema, tangu mimba hadi karibu mwaka wa pili. Baada ya hapo mtoto hubaki mfupi, lakini huendelea kurefuka kwa mwendo unaokaribia ule wa wenzake, sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Mstari wake kwenye chati uko chini, ila unapanda sambamba na mingine. Aliyekwenda vizuri hadi miaka mitano kisha mstari ukaanza kulala ana jambo jingine, lililoingia baadaye. Tatizo ni kwamba huo ndio umri ambao kadi ya kliniki imeshafungiwa kabatini, na hakuna anayempima tena kimo isipokuwa fundi wa sare za shule.

Chukua mfano huu, nilioutunga ili hesabu ionekane. Msichana wa Tanga alikuwa na sentimita 108 alipotimiza miaka mitano. Akiwa na saba alifika 117, na akiwa na tisa, 123. Tarakimu hizo, moja moja, hazimtii mtu wasiwasi: hata kwa miaka tisa hajavuka mstari wa chini wa Shirika la Afya Duniani, na kwa kipimo hicho hahesabiwi kuwa mdumavu. Zitoe moja kutoka kwa nyingine. Miaka miwili ya kwanza alirefuka sentimita 9, miwili iliyofuata 6 tu, yaani 3 kwa mwaka. Kabla ya balehe, chini ya 4 kwa mwaka ni dalili ya kutafutiwa sababu. Uzito nao ulipanda kilo 2 tu, kutoka 20 hadi 22, na hilo linaelekeza kwenye utumbo au lishe. Upungufu wa homoni kwa kawaida hufupisha mtoto bila kumkondesha.

Mama yake anasema choo ni cha kawaida na chakula anakula, ingawa si sana. Kitu kimoja zaidi kimo kwenye daftari lake la matibabu: himoglobini 9.8, amepewa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi mitatu, akavimeza kweli, na damu haikupanda. Minyoo ilishatibiwa. Hapo ndipo ugonjwa wa siliaki unapopaswa kutajwa. Kinga ya mwili wa mwenye ugonjwa huo inapokutana na gluteni, protini ya ngano na shayiri, inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba na kusawazisha vijidole vidogo vinavyofyonza chakula. Uharibifu huanzia sehemu ya juu, palepale madini ya chuma yanapofyonzwa, na sehemu ya chini ikiwa bado nzima hufidia yaliyosalia. Hivyo mtoto anaweza kukosa damu na kimo huku choo chake hakina neno.

Picha ya tumbo lililotuna na makalio yaliyosinyaa, ambayo daktari Mholanzi Willem Dicke aliijua alipoandika mwaka 1950 juu ya madhara ya ngano, ni ya kweli. Lakini wengi wanaogunduliwa siku hizi hawana sura hiyo, na anayeingoja atawakosa. Wala si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Kiwango cha juu kabisa kuwahi kupimwa, zaidi ya watoto 5 katika 100, kilipatikana kwa Wasahrawi wa Afrika Kaskazini katika miaka ya 1990, na ugonjwa huo upo kaskazini ya India na Uarabuni, ambako sehemu ya damu ya watu wa pwani yetu ilitoka.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu, tTG-IgA, pamoja na kiwango cha IgA yote. Cha pili hakiachwi, kwa sababu mtoto aliyezaliwa na upungufu wa IgA atatoa jibu la "hana" hata kama anao. Kinachotuharibia zaidi ni ushauri wa haraka: "Mwachishe chapati kwanza tuone." Akiacha ngano kabla ya kupimwa, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na jibu huwa halina maana. Aendelee na mkate na maandazi yake kila siku mpaka vipimo vikamilike. Tarakimu ikizidi mara 10 ya kikomo, na sampuli ya pili ya kingamwili za EMA ikathibitisha, madaktari bingwa wa Ulaya tangu 2020 wanakubali kuamua bila kukata kinyama. Ikiwa ndogo, kinyama cha utumbo kinahitajika.

Ugonjwa wa pili ni uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, hasa ule wa Crohn. Mwenye ugonjwa huo mara nyingi ni kijana wa miaka 12 au 13 ambaye hajaanza kubalehe, anayeacha chakula nusu kwa kuwa akishiba hajisikii vizuri, na ambaye hakuna aliyefikiria kumuuliza kuhusu vidonda vya mdomoni au kinyama kando ya njia ya haja kubwa. Kwake njaa ni nusu ya kisa. Kemikali za uvimbe hulifanya ini lisiitikie homoni ya ukuaji, na kimo kinaweza kusimama miaka kadhaa kabla ya kuhara. ESR na CRP zilizopanda, chembe sahani nyingi na albumini ndogo hutoa fununu, ingawa zikiwa sawa hazimwondolei shaka. Kalprotektini ya kwenye choo husaidia zaidi: chini ya 50 inatuliza, juu ya 250 inadai kamera iingie. Ila amiba, bakteria na hata dawa kama dikilofenaki huipandisha, basi choo kichunguzwe kwanza na kipimo kirudiwe.

Na kwetu kuna mtego ambao vitabu vya ng'ambo huupitia juu juu. Kifua kikuu cha utumbo hukaa palepale Crohn anapopenda, mwisho wa utumbo mwembamba, na kwa kamera hufanana naye sana. Prednisoloni ikitolewa kabla ya kukiondoa, kitasambaa. Hata Crohn ikithibitika, prednisoloni nayo hudumaza, ndiyo maana kwa watoto wengi huanzwa na maziwa maalumu ya lishe pekee, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8.

Yule msichana wa Tanga, ikithibitika kuwa ana siliaki, ana njia nyepesi kidogo, kwani ugali wa mahindi, wali, muhogo na ulezi havina gluteni. Uangalifu uwe kwenye uji wa lishe uliochanganywa ngano, na kwenye mashine inayosaga nafaka zote kwa zamu. Baada ya miezi sita apimwe tena kimo na tTG. Mwaka wa kwanza anaweza kurefuka sentimita 7 au 8. Asiporefuka, swali la kwanza ni nini anachokula shuleni.