Pua yako haina kosa, ni simu iko karibu sana

Vijana wenzetu wa Fizi na Baraka, tunaona wengi wanafuta selfi kumi moja kwa moja juu eti "niko na pua kubwa". Hukumu hiyo tunaikataa. Simu ikiwa sentimita 30 mbele ya pua, masikio yako mbali zaidi, karibu sentimita 42. Kitu cha karibu kinaonekana kikubwa, basi pua inavimba na masikio yanajificha. Ukiinua simu juu, paji la uso ndilo linakaribia: linapanuka, na kidevu kinabaki kidogo.

Mwaka 2018 daktari Boris Paskhover wa Marekani na wenzake walipiga hesabu: kwa sentimita 30, pua ya mwanaume inaonekana pana karibu asilimia 30 zaidi. Na kuna watu walikuwa wanamuletea selfi hizo, wanataka wapasuliwe pua!

Mujaribu pale ufukweni Baraka. Rafiki asimame mita moja na nusu, apige, kisha mukate pembeni za picha. Sasa pua iko sentimita 150, masikio 162. Tofauti karibu imekwisha. Simu ni ile ile, uso ni ule ule.