Slaidi za mwekezaji kwa Kiswahili: punguza maneno, usiguse namba

Wadau, naona wengi wenu mnazo zile slaidi za Kiingereza za kuombea mtaji. Mimi nauza vitunguu vya Mang'ola na kahawa ya Karatu mtandaoni, na mwekezaji niliyempata ni mzee wa hapahapa mjini anayetaka kusoma Kiswahili. Nikakaa usiku mmoja nikatafsiri zote. Nilikosea, tena pabaya.

Slaidi ya pesa ilikuwa na mstari mfupi: "Gross margin: 30%". Nikaandika "Faida: 30%". Fupi, imekaa vizuri kwenye boksi. Mzee akasoma, akapiga hesabu: mauzo 4,000,000 kwa mwezi, faida 1,200,000, tukigawana nusu yake ni laki sita. Akafurahi. Ikabidi nimwambie, "Shikamoo mzee, hiyo ni kabla ya usafiri, vifungashio, bando na kodi ya fremu." Ukitoa hivyo inabaki 400,000, yaani 10%. Akaniangalia kama tapeli. Neno moja tu lilikosekana: "Faida ghafi: 30%". Siku hizi chini yake naweka na "Faida halisi: 10%", ndipo mtu anaelewa.

Kwa hiyo mimi siamini kwenye ufupi wa kukata neno lolote. Kata maneno ya kupamba, acha yanayobeba hesabu. "Idadi ya wateja wanaorudi kununua tena kwetu ni asilimia 40" ikawa "Wateja wanaorudi: 40%". Hakuna kilichopotea. Lakini "mauzo yamepanda kwa 20%" na "yamepanda hadi 20%" ni vitu viwili tofauti, hiyo "kwa" usiikate hata boksi likibana.

Na boksi litabana, Kiswahili chetu huwa kinarefuka. Hapo PowerPoint inapunguza herufi yenyewe bila kukuuliza, slaidi moja inabaki na herufi kubwa, inayofuata za kusoma kwa darubini. Bonyeza boksi kulia, Format Shape, kisha kwenye Text Options tafuta Text Box uchague Do not Autofit. Maneno yakimwagika nje ya boksi umeshajua pa kupunguza.

Namba zenyewe nilizinakili, sikuzichapa upya. "500K" niliibadili kuwa 500,000, maana mzee wangu aliuliza hiyo K ni kilo za vitunguu au nini (swali la haki kabisa). Grafu nayo usiifunike kwa maandishi juu. Ibonyeze kulia, Edit Data, ubadili majina kwenye jedwali, nguzo zinabaki palepale.

Kabla ya kutuma nilifungua faili zote mbili pembeni kwa pembeni, nikahesabu namba za kila slaidi. Slaidi ya sita ilikuwa na namba tano kwa Kiingereza na nne kwa Kiswahili. Iliyopotea ilikuwa deni la mzigo.

Mzee aliweka hela, ila nusu ya niliyoomba.