Mwiteni Jina Lake, Basi!

Jamani wadau, leo sina umbea, nina hasira. Dada mmoja wa Bongo muvi (jina tunaliweka kapuni, ila mnamjua) alibadili jina lake kisheria mwaka juzi. Sababu anaijua mwenyewe na hatudai maelezo. Juzi kati kwenye usiku wa uzinduzi, mtangazaji kamwita jukwaani kwa jina la zamani, akajichekesha, "Au siku hizi nikuiteje, mama?" Ukumbi mzima kicheko. Dada katabasamu, ila wa karibu tuliona macho yake.

Kinachoniudhi ni utetezi mnaotoa: "Mimi nimezoea, siwezi kubadilika." Muongo wewe! Jirani yako akijifungua leo, kesho mtaa mzima unamwita Mama Juma, na hakuna aliyeomba kuona karatasi. Mjomba akirudi Makka, siku hiyohiyo ni Alhaji. Msanii akijibatiza jina la kisanii, wiki moja tu umelikariri. Kwa hiyo kichwa kinashika vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba huyu dada umeamua kumkomoa.

Na si kitu kigeni. Mwaka 1967 bondia Ernie Terrell alikataa kumwita Muhammad Ali jina lake, akang'ang'ania Clay, ingawa Ali alikuwa ameshalibadili tangu 1964. Walipokutana ulingoni Houston, Ali alimtandika raundi 15 huku akimuuliza, "Jina langu nani?" Leo hilo jina la Clay unalisikia kwenye historia tu.

Wengine mnasema, "Anajificha, labda ana madeni." Hapana. Kubadili jina rasmi hapa Tanzania ni kujiweka wazi. Wakili anaandaa hati ya kubadili jina, unaisaini, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati pale Wizara ya Ardhi. Na hati hiyo inataja majina yote mawili, la zamani na jipya, kwamba ni mtu mmoja. Mkopo wako unabaki wako, kesi yako inabaki yako, na alama za vidole ni zilezile. Anayetaka kukimbia deni hawezi kuanza kwa kuacha ushahidi serikalini.

Sasa twende kwenye maumivu yenyewe, maana si hisia tu. Huyu dada alishafika hadi NIDA na benki, akaunti ikawa kwa jina jipya. Kampuni iliyomchezesha filamu ikaandika mkataba na malipo kwa jina la zamani, eti "ndilo watu wanalijua". Benki ikagoma, kwa sababu jina la malipo na la akaunti haviendani. Hela ya kazi aliyoimaliza ikakaa wiki kadhaa huku akizungushwa na barua. Uzembe wa mtu mmoja kwenye kompyuta, mwenzake anakosa kodi ya nyumba.

Kuna upande mwingine pia. Ambaye NIDA bado haijarekebishwa, laini yake ya simu bado inasoma jina la zamani, maana usajili wa laini unachukua taarifa huko. Ukimtumia pesa, jina la kale ndilo linatokea. Wakala analisoma kwa sauti kibanda kizima kisikie! Kaka, angalia kioo, muulize kimyakimya, "Ni sahihi?" Yatosha.

Maofisini nako ni hivyohivyo. Mkisubiri nyaraka zikamilike, mshahara uende kwa jina lililo benki, hilo halina ubishi. Lakini kitambulisho cha mlangoni, orodha ya zamu na grupu la WhatsApp havihitaji hati ya mtu. Badilisha leo. Cheti cha shule chenye jina la zamani kiambatanishwe na nakala ya hati, kikae kwenye faili, kisiwe mada ya chai ya saa nne.

Na sisi wa blogu tusijitoe. Kichwa cha habari, kapsheni na tagi viwe na jina jipya. Ikibidi kueleza filamu yake ya zamani, sema mara moja tu kwamba enzi hizo alitumia jina lingine, halafu endelea. Kwenye posti zetu za nyuma nimeshaanza kurekebisha, zilikuwa nyingi, nikachoka, lakini inawezekana.

Ukiteleza, sema "samahani," taja jina sahihi, songa mbele. Usimgeuze yeye kuwa mfariji wako kwa dakika kumi. Kuteleza tunasamehe. Kurudia kwa makusudi ili watu wacheke, huo ni uchokozi, na uitwe hivyo.

Haya, wale wa "mimi nimezoea", uwanja wenu huo hapo chini. Ila mtakayeandika jina lake la zamani, komenti inafutwa.