Ukichelewesha Wenzako, Omba Radhi kwa Tarehe

Tuseme wewe ndiwe karani wa kadi za saa katika kiwanda cha kushona nguo chenye wafanyakazi 140. Kadi zilitakiwa zimfikie dada wa mishahara Jumanne tarehe 23. Yeye hukokotoa kadi 50 hivi kwa siku, basi angemaliza Ijumaa. Jumatatu tarehe 29 mzee wa fedha angepeleka orodha benki, na kesho yake watu walipwe. Leo ni Alhamisi asubuhi na kadi zingali mezani pako.

Usijifariji kwamba kodi ya mapato na michango ya NSSF hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi ufuatao. Nafasi hiyo ni ya mwajiri mbele ya serikali. Mwenye nyumba wa yule mshonaji haitambui.

Wengi wetu hapa huandika, "Samahani kwa usumbufu wowote uliotokea." Neno hilo "wowote" ndilo linalochoma. Dada amekaa siku nzima bila kazi, nawe unajifanya hujui kama aliumia! Wala usisingizie stima iliyopotea Jumatatu, ikiwa kadi ulizianza Jumatatu hiyo hiyo.

Kabla ya kuandika, hesabu kwanza. Kadi za kukata na kushona, 96, zimekamilika. Zilizobaki ni 44 za kupiga pasi na kufunga, ambazo saa zake za ziada hazijatiwa sahihi na msimamizi. Sasa andika, ukiwataja wote wawili:

"Ndugu zangu, kadi nilizopaswa kuwaletea Jumanne sikuzileta. Nilianza kazi kwa kuchelewa, na sikuwaambia nilipoona siwezi kumaliza. Dada, umepoteza Jumatano nzima kwa sababu yangu. Mzee, orodha yako iko hatarini. Kadi 96 nazileta sasa hivi. Zile 44 nitazileta kesho saa sita mchana. Ikifika saa nne bila sahihi ya msimamizi, nitawaarifu papo hapo. Dada, hesabu itaingia Jumamosi asubuhi. Ukikubali, nitakuja nikusomee kadi huku ukiandika. Mzee, orodha utaipata Jumatatu asubuhi."

Tazama ile saa nne. Kosa kubwa halikuwa kuchelewa bali kunyamaza. Ungesema Jumatatu kwamba nusu iko tayari, dada angeanza nayo, na Jumamosi yake ingebaki ya wanawe. Ndiyo maana Jumamosi inaombwa, haiamriwi. Akikataa, ana haki, nawe umwendee mkubwa wenu mapema kutafuta msaidizi.

Pia usiahidi zile 44 jioni ya leo ili upendeze, hali sahihi haiko mikononi mwako. Tarehe ya pili ikivunjika, msamaha wa kwanza huonekana ulikuwa maneno tu.

Na mwezi ujao, mpe dada kadi za kila idara zinapokamilika. Usingoje zitimie 140.