Si Njaa Pekee Iliyoua Malanga

Wasee, Julai 2021, tanka la petroli lilianguka Malanga, Gem, barabara ya Kisumu–Busia. Watu wakaja na jerikeni, moto ukalipuka, zaidi ya kumi wakafa. Mitandaoni tukasema: "Tamaa!" Mimi nakataa.

Petroli yenyewe si ndiyo inayoshika moto. Ni mvuke wake. Ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo unatambaa mtaroni hadi kwa bodaboda iliyowashwa mbali na lori. Nani aliwahi kutufundisha hivyo hapa Pap Onditi?

Kibao cha machungwa kikisoma 1203, hiyo ni petroli. Kaa mita 50 hivi, kila upande. Ikimwagika nyingi, watu walio upande upepo unakoelekea wahamishwe mita 300. Tanka likiwaka, mita 800. Piga 999 ukiwa mbali. Mchanga wa kuziba mtaro kabla mafuta hayajafika mtoni ni kazi ya wenye vifaa.

Na kifungu cha 93 cha EMCA kinamtaka mwenye gari aijulishe NEMA mara moja na aanze kusafisha. Kwa hivyo kabla ya kumlaumu mwenye jerikeni, muulize mwenye tanka: mchanga wako uko wapi?